Video ikiruka, je, wamemkata mtu maneno? Jinsi mikato na kasi zinavyoandikwa kwenye skripti

Hapa Goma neno "montaji" limegeuka kuwa shutuma. Video ya mtu anayeongea inazunguka kwenye simu, kichwa chake kinaruka kidogo katikati ya sentensi, na kabla haijafika mwisho tayari kuna mtu ameandika chini yake: "Iyo ni montaji." Maana yake: wamemkata maneno, wamemsemesha asichosema. Mwingine anajibu kwamba montaji ni kazi ya kawaida, kila video imekatwa. Wote wawili wanaondoka wakiwa na hakika yao.

Mimi hukaa upande wa pili wa mabishano hayo, kwenye kiti cha anayekata. Kwa hiyo nieleze kinachotokea pale kichwa kinaporuka, kwa nini mara nyingi hakuna aliyedanganywa, na ni wapi hasa maana huweza kuponyoka hata mikononi mwa mkataji mwenye nia njema. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa sababu Kiswahili kina mitego yake ambayo mafunzo ya montaji ya lugha nyingine hayaitaji.

Kwanza maneno yenyewe. Teki ni kipande kimoja cha kurekodi, tangu kamera inawashwa hadi inazimwa. Mruko ni mkato ndani ya teki hiyo hiyo: unatoa sekunde kadhaa katikati, unaunganisha kilichobaki, na kwa kuwa kamera haikuhama, mtu anaonekana kama ameruka kutoka mkao mmoja hadi mwingine. Vijana wa hapa huuita jampukati. Kubadili kasi ni kuifanya picha iende haraka au polepole kuliko ilivyorekodiwa. Na skripti ninayoizungumzia si ile inayoandikwa kabla ya kurekodi. Ni maneno yote ya teki yaliyonakiliwa kwenye karatasi baada ya kurekodi, na dakika zake pembeni, kisha yakawekewa alama: hapa kata, hapa harakisha, hapa usiguse.

Mfano mwepesi ni simu ambayo inite zake zinakaribia kwisha. Uko Sake, basi limeharibika, una dakika moja tu ya kumpigia mke wako. Salamu za wakwe unaziacha, habari za abiria waliogombana unaziacha, unaongea haraka kuliko kawaida. Lakini kama ujumbe ni "usinisubiri kula", kile "usi" hukiachi hata simu ikianza kulia tii-tii. Kuacha mambo ndio mruko. Kuongea haraka ndiyo kasi. Na kujua kwamba "usi" hiyo haiguswi ndiyo kazi ya skripti.

Watu wengi wanaoanza huruka hatua ya karatasi. Wanafungua video kwenye simu, wanaangalia mistari ya sauti inayopanda na kushuka, na kila panapokuwa bapa wanakata. Kwa video ya kuonyesha viatu vipya pale Birere, hiyo inatosha. Kwa mtu anayeeleza jambo ambalo msikilizaji akilikosea ataumia, haitoshi hata kidogo, kwa sababu mistari ya sauti inaonyesha nguvu ya sauti tu. Haionyeshi nani anasema nini kuhusu nini.

Nichukue kazi moja niliyoifanya, niipitie mstari kwa mstari. Mzee mmoja anayeishi upande wa magharibi wa mji, kule karibu na Ziwa Kivu, alikubali kueleza mazuku mbele ya kamera. Kwa msomaji asiye wa huku: mazuku ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini katika nchi hii ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hujikusanya kwenye mashimo na mabonde kama maji yanavyojikusanya. Haina rangi wala harufu. Mbuzi, mbwa na watu wamekufa humo. Mzee alijua jambo lake vizuri sana, na kama wazee wengi wanaojua jambo vizuri, hakuwa na haraka. Teki ilikuwa ya dakika 3 na sekunde 48. Tulihitaji kitu kisichozidi dakika moja na robo hivi.

Nilinakili kila neno, pamoja na "eh" zake zote. Hapa naweka mistari yenyewe, kwa Kiswahili chake, huku nikiwa nimepunguza kigugumizi ili isomeke:

00:04 — "Eh, hapa njo kwangu, niko hapa tangu, tuseme, tangu mbele ya volkano ya elfu mbili na mbili."

00:19 — "Sasa batu banaogopa volkano. Lakini mazuku, yenyewe iko hapa kila siku."

00:41 — "Iko hewa ya mubaya yenye inatoka mu udongo. Haina harufu. Haina rangi. Huwezi kuiona."

01:02 — "Kulikuwa mbuzi ya jirani, ile ya madoa, hapana, ya madoa ilikuwa ya dada yake… Ile mbuzi ilishuka mu shimo asubuhi, ikalala. Haikuamuka tena."

01:47 — (anatembea hadi ukingoni mwa shimo, hasemi kitu, sekunde 20)

02:07 — "Ile mazuku, unajua, eh, watoto banacheza pale, ile mazuku iko nzito, inakaa chini. Mutu mukubwa kichwa yake iko juu. Mutoto, yeye iko ndani kabisa."

02:25 — "Batu banasema: beba mushumaa, kama inawaka, shuka tu. (ananyamaza sekunde 3) Miye nasema hapana. Mushumaa inaweza kuwaka na wewe ukaanguka."

02:57 — "Na ukiona mutu ameanguka mule, usishuke kumutosha. Ita batu. Bengi balikufa juu ya kutaka kuokoa mwenzao."

03:19 — "Usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo, njo inakuwa mingi."

Ukisoma hivyo kwenye karatasi, kazi inaonekana rahisi. Sekunde za mwanzo zinaondoka zote. Kwamba yeye ni mkazi wa muda mrefu nitaliandika kwenye kioo kwa maandishi madogo. Mkanganyiko wa madoa ya mbuzi unaondoka. Mwendo wa kutembea unaharakishwa. Hapo ndipo nilipoingia mtego wa kwanza.

Katika kukata hadithi ya mbuzi nilibaki na "ile mbuzi ilishuka mu shimo asubuhi, ikalala, haikuamuka tena". Kisha, ili kuokoa sekunde, nikauruka mwanzo wa mstari wa 02:07 na kuingia moja kwa moja kwenye "iko nzito, inakaa chini". Nilipoisikiliza, mbuzi alikuwa mzito. Mbuzi alikuwa amekaa chini. Mke wangu aliyekuwa akipita nyuma yangu aliuliza kwa nini uzito wa mbuzi ulikuwa muhimu hivyo.

Sababu ni ya lugha. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi kinachorudi nyuma kutafuta nomino yake. Katika Kiswahili sanifu viambishi ni vingi, kwa hiyo kosa wakati mwingine hujitangaza: ukisikia "kinakaa" baada ya "mbuzi", sikio linakataa. Kiswahili cha huku kwetu Kongo kimepunguza viambishi hivyo sana. Mbuzi "iko", gesi "iko", kichwa "iko", mshumaa "inawaka". Karibu kila kitu kinatumia "i". Ukikata nomino, kitenzi kinashika nomino ya karibu iliyobaki, na hakuna kinachokuonya. Sentensi inabaki laini na kamili, ila inasema jambo jingine.

Kwa hiyo kwenye skripti huwa naweka duara kwenye nomino ya kila mstari, na kuchora mshale kutoka kwenye kila kitenzi hadi nomino yake. Mruko ukikata mshale, mruko haufai. Katika mstari ule wa 02:07 dawa ilikuwa ndani ya mstari wenyewe, kwa kuwa mzee alisema "ile mazuku" mara mbili. Niliruka "unajua, eh, watoto banacheza pale" na nikaanzia kwenye "ile mazuku" ya pili. Je, asingelirudia? Ningeweza kuchukua neno "mazuku" kutoka mstari wa 00:19 na kulibandika. Programu inaruhusu. Lakini pale alilitamka kwa mkazo, kwa kulilinganisha na volkano, na sikio lingesikia sauti imepanda mahali isipostahili. Tena hapo ningekuwa nimeacha kupunguza maneno yake na kuanza kumtungia sentensi. Afadhali sekunde mbili za ziada.

Mtego wa pili ni mdogo zaidi na ni hatari zaidi. Angalia mstari wa 00:41: "Haina harufu. Haina rangi. Huwezi kuiona." Kiswahili hukanusha mwanzoni kabisa mwa kitenzi, kwa silabi moja fupi. "Ha", "hu", "si", "usi". Mtu anayeongea kwa mwendo wa kawaida hutamka silabi tano au sita kwa sekunde. Video yetu ina fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo silabi nzima ina fremu nne au tano tu. Na sauti ya "h" ni pumzi tupu. Kwenye mistari ya sauti haionekani, hasa upepo wa ziwa ukiwa unapiga maikrofoni. Mkataji anayefuata macho anaanza pale mstari unaponyanyuka vizuri, na kwa kuchelewa fremu tano "haina harufu" inakuwa "ina harufu". Kwa mazuku, hilo ni kumwambia mama kwamba atainusa kabla haijamfikia mtoto wake.

Ndiyo maana kila kanusho kwenye skripti yangu nalipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni naandika "F3". Ni alama yangu mwenyewe: acha fremu tatu za hewa kabla ya pale sauti inapoonekana kuanza. Fremu tatu ni sekunde 0.12. Hakuna mtazamaji anayeziona, ila zinatosha kuiokoa "h". Baadaye, nikishakata, narudi kwenye kila alama nyekundu na kuisikiliza kwa spika ya simu yenyewe, si kwa vifaa vya masikioni, kwa sababu simu ndiyo itakayotumiwa na watu, tena barabarani, pikipiki zikipita.

Tufike kwenye mshumaa, maana hapo nilifanya kosa ambalo si la fremu.

Mstari wa 02:25 una sauti mbili ndani ya mdomo mmoja. Kwanza mzee ananukuu wengine: beba mshumaa, ukiwaka shuka. Kisha anawakanusha. Kati ya hizo mbili kuna kimya cha sekunde tatu, na kimya hicho ndicho alama za kunukuu. Anaangalia shimo, anaangalia kamera, halafu anasema "miye nasema hapana". Kisayansi yuko sahihi: moto unaweza kuendelea kuwaka kwenye hewa ambayo tayari inamdhuru mtu, kwa hiyo mshumaa si kipimo cha kutegemea.

Mimi nilitengeneza pia kipande kifupi cha kuweka kwenye status. Nilitaka kianze kwa nguvu, kwa hiyo nikaondoa "batu banasema", nikaanza na "beba mushumaa, kama inawaka, shuka tu", nikakata kimya chote na kuunganisha na "miye nasema hapana". Mimi niliyejua teki nzima nilisikia nukuu na jibu. Aliyekuwa haijui alisikia mzee anashauri mshumaa, kisha anakataa kitu kisichoeleweka. Mtu mmoja akakifupisha zaidi, akaishia kwenye "shuka tu". Mzee alinipigia siku ya pili. Hakupiga kelele. "Mutoto yangu," aliniambia, "umenisemesha maneno ya ile batu nilikuwa nawapinga." Nilikifuta kile kipande, ila kipande kilichofutwa kwangu hakikufutwa kwenye simu za wengine.

Tangu hapo kuna aina ya maneno ambayo kwenye skripti nayawekea kisanduku: "wanasema", "zamani", "kama", "labda", "lakini", "hata", "peke yake". Ni maneno madogo na ni rahisi kuyaona kama mafuta ya kupunguzwa, lakini ndiyo yanayoamua sentensi ni ya nani na inasimama kwa masharti gani. Kisanduku kina maana ya kwamba kipande kilichoko upande wa kulia hakitoki bila kisanduku chenyewe. Wanakwenda wote au wanabaki wote.

Na kimya kile? Wengi hufikiri kila kimya ni taka. Programu nyingine zina hata kitufe cha kuondoa vimya vyote kwa mpigo mmoja. Lakini vimya si sawa. Kimya cha mtu anayetafuta neno huja katikati ya kifungu, sauti ikiwa bado iko juu, mara nyingi na "eh" yake. Hicho kinaondoka bila hasara. Kimya cha mtu aliyemaliza wazo huja baada ya sauti kushuka. Hicho kinapunguzwa, hakiondolewi. Kimya cha kugeuza upande, kama kile cha mshumaa, hubaki. Cha mshumaa nilikipunguza kutoka sekunde tatu hadi moja, na kwenye skripti nikaandika "kimya 1 s, usikate". Sekunde moja ilitosha kwa macho yake kutoka shimoni hadi kwenye kamera.

Kuhusu kasi nitasema kifupi, kwa sababu kuna imani kwamba kuharakisha ndiko kunakofupisha video, na hesabu haiungi mkono. Maneno yakiharakishwa mara 1.1 hakuna anayegundua, mradi umeamuru programu ilinde kimo cha sauti. Kwenye Premiere kisanduku chake kinaitwa Maintain Audio Pitch, na usipokiweka alama mzee anakuwa na sauti ya kijana wa miaka kumi na tano. Lakini mara 1.1 inageuza sekunde 60 kuwa karibu 54.5. Faida ni sekunde tano na nusu kwa dakika nzima. Ukipanda hadi 1.25 unapata sekunde 12, ila sasa midomo inaonekana ina haraka na "ha" ile ya fremu tano imebaki na fremu nne. Ukifika 1.5 unakuwa umemfanya mzee mwuza tiketi.

Kwa teki hii nilitumia 1.1 mahali pawili tu: mstari wa volkano na hadithi ya mbuzi. Hiyo ni mistari ya kusimulia. Msikilizaji akipoteza neno moja hapati hasara. Mstari wa harufu na rangi, wa mshumaa, na ule wa "usishuke", nimeandika pembeni "K 1.0", yaani kasi ya kawaida, na kuzungushia. Onyo huliharakishi. Mwendo wa kutembea, ambao hauna neno, niliuharakisha mara 4: sekunde 20 zikawa 5. Nilizima sauti yake ya asili, maana hatua za mtu kwenye mawe ya volkano zikiharakishwa mara nne zinasikika kama mahindi yanayokaangwa, na chini yake nikalaza sauti ya mahali, ile hewa tupu ya pale tuliyorekodi sekunde 30 bila mtu kusema. Hiyo hiyo ilinisaidia pia kwenye mstari wa 02:07, ambapo pikipiki ilipita nyuma: ukikata katikati ya mlio wake, injini inatoweka ghafla, na ndipo hata asiyeangalia picha anajua pamekatwa.

Upande wa kupunguza kasi, kuna tahadhari moja. Picha ya fremu 25 ukiipunguza nusu, programu inabidi irudie kila fremu mara mbili au ibuni za katikati, na mkono unaosogea unakuwa na mikwaruzo. Kama unajua utapunguza, rekodi kwa fremu 50 tangu mwanzo. Ila mimi uso wa mtu anayeongea jambo zito siupunguzi kasi hata kidogo. Unamwongezea huzuni ambayo hakuwa nayo, na hilo nalo ni kumsemesha, hata kama hakuna neno lililoguswa.

Jumla ilikujaje? Teki ilikuwa na sekunde 228. Zilizotoka kwa miruko ni 135. Kutembea kuliokoa 15. Kuharakisha maneno kuliokoa 2, si zaidi. Ikabaki dakika moja na sekunde 16. Ukiangalia hesabu hiyo utaelewa kwa nini nasema karatasi ndiyo inayofupisha video, na kitufe cha kasi ni chumvi tu.

Sasa turudi kwa yule anayeandika "iyo ni montaji". Anaona mruko na anahisi kuna kilichofichwa. Lakini mruko unaoonekana ni mkato unaojitaja wenyewe: hapa pametolewa kitu. Mkataji anayetaka kuficha hauachi uonekane. Anaweka juu yake picha ya kuziba, ziwa kidogo, mikono, mtoto anayepita na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya huku, na wakati macho yako yako kwenye chukudu sauti inaunganishwa bila wewe kujua. Picha za kuziba si dhambi, mimi nazitumia kwenye hadithi ya mbuzi, ila kwenye maneno yenye kisanduku au mstari mwekundu sizitumii. Pale mruko ukilazimika kuwepo, unabaki uchi. Mtazamaji ana haki ya kuuona na kuuliza.

Kuuacha uonekane nako kuna ufundi wake. Mkao wa kabla na baada ukifanana karibu kabisa, kichwa kinashtuka kidogo tu na inaonekana kama simu imekwama. Ukivuta picha kwa asilimia tano, hivyo hivyo, inaonekana ni bahati mbaya. Navuta kwa asilimia 20 hadi 25, ili jicho lielewe kwamba ni uamuzi. Sharti ni kwamba umerekodi kwa ubora mkubwa kuliko utakaotoa, la sivyo uso unakuwa na ukungu.

Kama wewe ni mtazamaji na unataka kujua mtu amekatwa maneno au amefupishwa tu, funga macho. Sikiliza sauti pekee kwenye kila mruko. Sauti ikishuka kabla ya mkato, alikuwa amemaliza. Ikikatika ikiwa juu, kulikuwa na kinachofuata. Kisha tafuta nani anasemwa: kila "inafanya", "alikataa", "haiwezekani", je, nomino yake umeisikia, au umeijaza wewe mwenyewe? Ukiijaza wewe, omba video ndefu.

Mimi upande wangu hufanya jaribio la kinyume. Naandika upya maneno ya toleo lililokatwa kwenye ukurasa safi, bila alama, nampa mtu ambaye hakuwepo, na kumwuliza maswali matatu: mazuku inanuka? Mshumaa unasaidia? Ukiona mtu ameanguka unafanya nini? Akijibu vibaya moja, narudi kwenye teki. Toleo la mazuku nilimpa jirani anayeuza makaa kule Majengo. Alijibu yote matatu sawasawa, akaongeza kwamba mzee anaonekana kupenda sana mbuzi wake.

Hapo nikashtuka. Mbuzi hakuwa wake. Katika kuondoa mkanganyiko wa madoa na dada, nilikuwa nimeondoa "ya jirani" pia, na mbuzi amehamia kwa mzee. Nilipomwonyesha mzee mwenyewe, jambo la kwanza alilosema, kabla ya mshumaa, kabla ya yote, lilikuwa hilo: "Haukusema mbuzi iko ya nani. Mwenyewe akiona atasema nini?" Nilirudisha "kulikuwa mbuzi ya jirani". Video ikawa ya dakika moja na sekunde 17.